Tawi Limevunjika: Msumeno Uanzie Wapi?

Tawi la mparachichi likivunjika kwa uzito wa matunda, picha ya kwanza inayotumwa kwa simu huwa ni ya jeraha lenyewe. Mbao nyeupe zimechanika, gome linaning'inia, matunda mabichi yametapakaa chini. Chini ya picha kuna swali moja: "Nikate wapi?" Anayeulizwa yuko mbali. Pengine ni mtoto wa nyumba hiyo aliyesomea kilimo na sasa anafanya kazi mjini, pengine ni bwana shamba mwenye vijiji vingi vya kuhudumia. Naye anashindwa kujibu, kwa sababu picha hiyo, hata iwe safi namna gani, haina jibu.

Jibu liko nyuma ya jeraha, kwenye panda, yaani pale tawi linapotoka kwenye shina au kwenye tawi lililolizaa. Hapo mti wenyewe umeshaweka alama ya mahali pa kukata, na alama hiyo inaonekana kwa macho hata kwenye picha ya simu ya kawaida, mradi mpigaji ajue aelekeze kamera wapi. Ndivyo ilivyo pia kwa matawi yanayopishana na kusuguana. Mahali yanapogusana panavuta macho, lakini mahali pa kukata ni pale mojawapo lilipoanzia, ambapo huenda ni mbali kiasi cha urefu wa mkono mzima.

Alama za kwenye panda

Angalia tawi lolote lenye afya linapotoka kwenye shina. Upande wa juu, ndani ya panda, utaona gome limejikunja na kuinuka kama uzi mnene wenye rangi ya giza, ukishuka pande zote mbili za shina. Huu ni mkunjo wa gome. Umetokea kwa sababu shina na tawi vyote vinanenepa kila mwaka, na magome yao yanasukumana pale yanapokutana.

Sasa angalia upande wa chini wa tawi hilo hilo, palepale linaposhikana na shina. Mara nyingi pana uvimbe mdogo, kana kwamba tawi limevaa pete nene mahali pa kuzaliwa kwake. Uvimbe huu tuuite shingo ya tawi. Ukiugusa kwa kidole unausikia hata pale ambapo macho hayauoni vizuri. Baada yake tawi linakuwa jembamba na la mviringo wa kawaida.

Shingo ina kazi kubwa kuliko umbo lake. Tishu zake zimefungamana na za shina, na ndani yake mna eneo ambalo mti hulitumia kujilinda tawi linapokufa. Mti ukipata kidonda hautengenezi upya sehemu iliyoharibika kama ngozi ya binadamu inavyofanya. Unachofanya ni kuizungushia kuta za kemikali ndani ya mbao ili kuvu wanaoozesha wasisambae, kisha unaotesha mbao mpya na gome jipya kutoka kingoni mpaka kidonda kifunikwe. Aliyelieleza jambo hili kwa undani ni Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya miti wa Idara ya Misitu ya Marekani, ambaye alipasua miti mingi kwa urefu wake kwa msumeno wa mota ili aone uozo umeishia wapi. Maelezo yake kuhusu kuta hizo yalichapishwa mwaka 1977, na yalibadilisha namna ya kukata matawi katika nchi nyingi.

Kabla yake, kwa miongo mingi, wakulima na watunza bustani walifundishwa kukata tawi sambamba kabisa na shina, liwe laini kama ukuta uliopigwa lipu. Mkato huo unapendeza machoni, lakini unaondoa shingo yote, unafungua mbao za shina lenyewe, na unaacha kidonda kikubwa kuliko tawi lilivyokuwa. Kosa la pili ni kinyume chake, nalo ndilo tunaloliona zaidi mashambani kwetu: kuacha kisiki cha sentimita kumi au ishirini. Kisiki hakina majani ya kukilisha, kwa hiyo kinakufa. Mti hauwezi kukifunika kwa sababu kimechomoza mno, na kuvu wakishakaa humo wanapata njia iliyonyooka kuelekea kwenye shina.

Mahali sahihi ni katikati ya makosa hayo mawili. Msumeno unaanza juu, nje kidogo tu ya mkunjo wa gome, na kuishia chini, nje kidogo tu ya uvimbe wa shingo. Mkunjo unabaki kwenye mti, na shingo inabaki kwenye mti. Kwa kuwa shingo kwa kawaida imechomoza zaidi upande wa chini, mstari wa mkato hauendi wima sambamba na shina, bali unainama, sehemu yake ya chini ikiwa mbali zaidi na shina kuliko ya juu.

Picha inayoweza kujibu swali

Picha ya kwanza ni ya mti mzima, kuanzia ardhini mpaka kileleni. Hii haionyeshi mahali pa kukata, ila inaonyesha tawi hilo ni sehemu kubwa kiasi gani ya mti, limeelekea wapi, na nini kitabaki likiondoka. Pia inaonyesha kama kuna paa, uzio au waya wa umeme karibu.

Picha ya pili ndiyo muhimu kuliko zote. Ni ya panda, ikipigwa kutoka ubavuni, kamera ikiwa kwenye kimo kilekile cha panda. Neno ubavuni lizingatiwe. Ukisimama mbele ya tawi, likiwa limekuelekea, pembe kati yake na shina haionekani. Ukipiga kutoka chini ukiwa umeinua simu juu, tawi linaonekana fupi na pembe inaonekana nyingine kabisa. Simama mahali ambapo shina liko upande mmoja wa picha na tawi linaenda upande wa pili. Panda ikiwa juu, panda ngazi imara au simama mbali zaidi kwenye mwinuko, kuliko kupiga ukiwa chini yake.

Mwanga ndio unaoharibu picha nyingi za panda. Anga nyeupe nyuma ya mti huifanya simu ipunguze mwanga, na gome lote linakuwa jeusi. Gusa sehemu ya gome kwenye kioo kabla ya kupiga, ili simu ipime mwanga wa gome badala ya anga. Asubuhi au alasiri, jua likitoka pembeni, uvimbe wa shingo hutupa kivuli chembamba na kuonekana wazi. Saa sita mchana unapotea. Weka kitu ambacho kipimo chake kinajulikana, kama kiberiti au rula, kikigusa tawi, maana unene wa tawi ni sehemu ya uamuzi. Na kwa kuwa WhatsApp hupunguza ubora wa picha, chagua kuituma kwa ubora wa juu au itume kama faili.

Picha ya tatu ni ya panda hiyohiyo kutoka upande mwingine, baada ya kuuzunguka mti robo ya duara. Bila hiyo, anayesoma picha anaweza asijue kama gome limechanika upande uliofichika, wala kama matawi mawili yamegusana kweli.

Kuchora mstari

Mkunjo na shingo vikionekana vyote, kazi ni rahisi. Mpokeaji anafungua picha ya ubavuni, anatumia kalamu ya kuchorea iliyomo ndani ya simu, anaweka nukta nje ya mkunjo upande wa juu na nukta nyingine nje ya uvimbe upande wa chini, kisha anaunganisha nukta hizo kwa mstari.

Ugumu unakuja pale shingo isipoonekana, na kwenye matawi mengi ya mparachichi na mwembe uvimbe wake ni hafifu. Hapo mkunjo wa gome unatumika kukisia. Kwenye picha ya ubavuni, mkunjo unaonekana kama mstari unaoanzia ndani ya panda na kushuka kwa kuinama kwenye shina. Weka nukta nje kidogo ya mkunjo, pale juu kabisa. Kutoka hapo chora mstari wa kushuka ulio sambamba na shina. Sasa tazama pembe iliyopo kati ya mstari huo na mkunjo, kwa upande wa shina. Chora pembe ya ukubwa uleule upande wa pili, kwa upande wa tawi. Mstari huu wa mwisho ndio makisio ya mkato. Mkunjo ukiwa umelala sana, nao mkato utalala. Ukiwa karibu wima, mkato utakuwa karibu wima.

Kuna panda moja ambayo haina shingo kabisa. Ni ile yenye umbo la herufi V, ambapo vigogo viwili vya unene unaokaribiana vimekua pamoja na hakuna anayeweza kusema kipi ni shina na kipi ni tawi. Mara nyingi gome limebanwa ndani ya panda hiyo badala ya kuinuka kama mkunjo, na unachokiona ni mfereji mweusi ulioingia ndani. Panda za namna hii ndizo hupasuka kwa urahisi, kwa sababu vigogo vyake vimegusana bila mbao kufungamana vya kutosha. Hapa mkato unaanza nje ya mfereji na kushuka kwa kuinama, na kidonda chake hufungwa polepole zaidi. Mwenye mti aambiwe hivyo mapema.

Tawi likiwa limevunjika mbali na shina, sema katikati, si lazima liondolewe lote. Rudi nyuma kutoka kwenye jeraha mpaka kwenye tawi dogo la kwanza lenye afya ambalo unene wake unafikia angalau theluthi moja ya unene wa tawi lililovunjika. Hilo litachukua uongozi, na majani yake yatalisha sehemu iliyobaki. Likiwa jembamba zaidi ya hapo haliwezi kazi hiyo, na utapata maotea mengi yanayochomoza kwa vurugu karibu na mkato. Kama hakuna tawi la unene huo popote njiani, safari ya kurudi nyuma inaishia kwenye shingo, pale shinani.

Mfano: mparachichi wa Tukuyu

Tuseme mama anaishi Tukuyu, wilayani Rungwe, na ana mparachichi aina ya Hass wenye umri wa miaka saba. Usiku wa upepo tawi lililosheheni matunda limevunjika. Asubuhi anatuma picha ya jeraha kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam, na ujumbe: "Tawi la upande wa jikoni limevunjika. Nimwite jirani aje na panga?"

"Shikamoo mama. Pole sana. Panga lisubiri kwanza," anajibu kijana. "Naomba unipigie picha tatu. Moja ya mti wote. Mbili za panda, pale tawi linapotoka shinani, moja ukiwa upande wa jikoni na nyingine ukiwa upande wa banda la ng'ombe. Weka kiberiti juu ya tawi."

Kuzitaja pande kwa jiko na banda ni bora kuliko kusema kushoto na kulia, kwa sababu anayeuzunguka mti hubadilisha kushoto na kulia kila anaposogea.

Picha zinafika. Kwa kulinganisha na kiberiti, tawi lina unene wa sentimita tisa hivi. Limevunjika sentimita arobaini kutoka shinani. Mbao za juu zimekatika, lakini za chini bado zimeshika, na tawi linaning'inia huku ncha yake ikigusa ardhi. Lilipoanguka lilivuta gome la upande wa chini, na mchaniko umerudi kuelekea shinani kwa sentimita kama kumi na mbili.

Kijana anatafuta kwanza mambo mawili. La kwanza ni kama mchaniko umefika kwenye shingo. Haujafika, umeishia katikati ya njia, kwa hiyo shingo ni nzima na inaweza kufanya kazi yake. La pili ni kama kuna tawi dogo kati ya jeraha na shina. Lipo moja, lakini picha ya upande wa banda inaonyesha ni kitawi chenye unene wa kidole, na theluthi ya sentimita tisa ni sentimita tatu. Halitoshi. Uamuzi ni kukata mpaka kwenye shingo.

Anachora mstari mwekundu kwenye picha na kuirudisha. Kisha anaomba jambo ambalo linaokoa miti mingi: "Mama, chukua chaki, weka alama kwenye gome kama nilivyochora, kuzunguka tawi lote. Halafu nipigie picha ya chaki kabla mtu hajagusa msumeno." Picha ya chaki inaporudi, mstari wa juu uko mahali pake lakini wa chini umeingia juu ya uvimbe wa shingo. Wanausogeza nje kwa upana wa kidole kimoja. Hakuna njia nyingine ya kuhakikisha kwamba mstari uliochorwa kwenye kioo bapa umehamia vizuri kwenye tawi la mviringo.

Sasa mkato wenyewe. Panga linawekwa kando, kwa sababu linapasua mbao na kuponda gome, na halifuati mstari. Unatumika msumeno wa kupogolea ulio mkali, uliopanguswa kwa spiriti. Mkato wa kwanza unafanywa upande wa chini wa tawi, sentimita ishirini kutoka shinani, ukipanda kwenda juu mpaka theluthi ya unene. Uko kati ya shina na mchaniko, na kazi yake ni kuuzuia mchaniko usisafiri zaidi. Uzito unaoning'inia huubana msumeno kutoka chini, kwa hiyo ukianza kushikwa, acha kabla haujanasa. Mkato wa pili unatoka juu kwenda chini, sentimita tano mbele zaidi, kuelekea kwenye jeraha. Tawi linaanguka na gome linakatikia kwenye mkato wa kwanza. Anayekata asimame kando, upande wa shina, na asiwepo mtu chini ya tawi wala kati ya tawi na ukuta.

Kinachobaki ni kipande kifupi chepesi. Jirani anakishika kwa mkono mmoja ili kisianguke kabla ya wakati, na kwa mkono mwingine anakata kwa kufuata chaki, polepole, mpaka mwisho. Huu ndio mkato pekee ambao mti utaishi nao.

Matawi mawili yanayopishana

Kwenye picha ya mti mzima kijana ameona jambo jingine. Upande wa banda kuna matawi mawili makubwa yaliyokatana kama herufi X, na juu kidogo, katikati ya mti, kuna jozi nyingine inayoonekana kugusana.

Picha huibapaza miti. Tawi lililo mbele na lililo nyuma, hata yakiwa yametengana kwa mita nzima, huonekana yamelaliana. Ndiyo maana hakuna tawi la kukatwa kwa sababu ya picha moja. Mama anapopiga tena kutoka upande wa jikoni, ile X kubwa inafunguka: kati ya matawi hayo kuna nafasi ya kupitisha mtu. Yanaachwa yalivyo.

Jozi ya katikati inabaki imegusana kwenye picha zote mbili. Hapo mama anaombwa apande ngazi na kupitisha kipande cha karatasi kati ya matawi. Hakipiti. Picha ya karibu inaonyesha kila tawi lina sehemu iliyosagika, bapa, yenye rangi ya kahawia na gome lililong'aa. Upepo ukivuma matawi hayo yanakwanguana, gome halipati nafasi ya kufunga, na kila kidonda ni mlango wa kuvu.

Lipi liondoke? Moja lina unene wa sentimita sita, limeelekea nje na lina majani mengi. Jingine lina unene wa sentimita nne, limetoka upande wa pili wa mti na kukatiza ndani ya kivuli, na kidonda chake kimezunguka karibu theluthi ya mzingo. Linaloondoka ni hili la pili, kwa kuwa limeelekea ndani na limeumia zaidi. Kama kidonda kikubwa kingekuwa kwenye lile linaloelekea nje, uamuzi ungekuwa mgumu zaidi, na pengine wangetazama kwanza ni lipi lina panda imara.

Kishawishi ni kukata pale yanapogusana, kwa sababu ndipo penye tatizo na ndipo mkono unapofika. Mkato huo ungeacha kisiki kirefu ndani ya kivuli. Kijana anamwomba mama alifuate tawi kwa kidole kurudi nyuma mpaka linapotokea. Ni sentimita sabini kutoka mahali pa msuguano. Hapo pana mkunjo na uvimbe unaoonekana vizuri, na hapo ndipo picha ya mwisho inapigwa, mstari unapochorwa na chaki inapowekwa.

Kabla ya kumruhusu jirani aendelee, kijana anarudi kwenye picha ya mti mzima na kukisia ni sehemu gani ya kivuli imeondoka kwa jumla. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kutozidisha robo ya majani kwa mara moja. Matawi haya mawili hayafiki robo. Yangezidi, lile la kati lingesubiri, kwa sababu tawi lililovunjika halina hiari lakini linalosuguana linaweza kungoja msimu.

Baada ya msumeno

Watu wengi hupaka kidonda lami, rangi ya mafuta au oili chafu wakiamini wanakiziba. Uchunguzi wa Shigo na wenzake ulionyesha kwamba dawa za kupaka hazizuii uozo. Kidonda kiachwe wazi kikauke. Pale gome lilipochanika, kata kwa kisu kikali sehemu zinazoning'inia tu, ukiishia pale gome linaposhika mbao, bila kuchimba ndani.

Kinachohitaji ulinzi kwenye mparachichi ni gome. Ni jembamba, na likizoea kivuli kisha likafunguliwa ghafla juani, huungua na kupasuka. Tawi lililovunjika likiacha pengo, paka matawi na shina lililofunuliwa chokaa, au rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa. Paka gome, usipake kidonda. Na kama unaweza kuchagua siku, chagua siku kavu, maana mvua hurusha mbegu za kuvu kutoka kwenye matawi makavu mpaka kwenye kidonda kibichi.

Yapo mambo ambayo picha haiwezi kuyasema. Haionyeshi uozo ulio ndani ya shina. Mtu aliyepo ndiye anayegonga kwa nyundo na kusikiliza kama sauti ni ya uwazi, au anayejaribu kama bisibisi inazama kwenye mbao. Mchaniko ukiwa umeingia ndani ya shina lenyewe, panda ikiwa imepasuka katikati, au tawi likiwa nene kama paja na liko juu ya paa, aje mtu mwenye vifaa aone kwa macho yake. Tawi lililolalia waya wa umeme haliguswi kabisa, wala mti wake hauegemewi, mpaka TANESCO au shirika la umeme la mahali hapo lifike.

Mti wenyewe utatoa majibu kama mkato ulikuwa sahihi. Baada ya msimu mmoja au miwili ya ukuaji, piga picha ya kidonda ukiwa umekielekea. Mkato mzuri huotesha pete nene ya gome jipya kuzunguka kidonda chote, yenye upana unaokaribiana juu, chini na pembeni. Pete ikiota pembeni tu, huku juu na chini pakiwa patupu na kidonda kikiwa kimerefuka kama yai, mkato uliingia ndani ya shingo. Kidonda hicho hakirekebishiki, lakini kinakuambia usogeze mstari nje mara nyingine.

Pete ikiwa imeota nyuma, na kipande cha mbao kavu kimechomoza mbele yake, kilichobaki ni kisiki. Hiki kinarekebishika hata baada ya miaka. Mti umekwisha kuonyesha mpaka wake: kila kilicho nje ya pete ni mfu, na pete yenyewe ni hai. Kata ile mbao mfu karibu na pete kadiri uwezavyo bila kuikwaruza, hata kama pete imejitokeza mbele ya mahali ulipotarajia. Katika miti mingi mizee ya maembe, machungwa na maparachichi, visiki kama hivyo viko vingi kuliko matawi mapya yaliyovunjika, na kazi ya kuvisoma kwa picha inaweza kuanza leo, kabla upepo haujaleta kazi nyingine.